Kipengele cha Kumi na Nne

Dakika ya sita mashine ilijiinua tena. Mkanda ukaongeza kasi chini ya viatu vya raba alivyoazima kwa mkwewe, na Kona akaendelea kutembea kwa hatua ndefu, kifua wazi, kimebandikwa vibandiko kumi vyenye nyaya. Alikwisha kuambiwa masharti. Mwenye gari lake dogo haulizwi mambo haya, lakini mwenye leseni ya basi la abiria, moyo wake ukishapata mshtuko, harudi barabarani mpaka amalize dakika tisa juu ya mkanda ule, bila maumivu, na bila mistari ya kwenye karatasi kuharibika. Dawa ya kupunguza kasi ya moyo alikuwa ameiacha siku mbili, kwa maelekezo ya daktari mwenyewe, ili moyo upimwe bila mkongojo.

"Kifua vipi, baba?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake mkubwa, daktari wa afya kazini, kazi yake kuamua nani anafaa kurudi kwenye kazi gani.

"Kimya."

"Pumzi?"

"Ipo ya kukopesha."

Ilikuwa kweli. Siku tisini na saba zilikuwa zimepita tangu aliposhikwa akiwa anapanga foleni ya dizeli uwanjani kwa kampuni, jasho likamtoka kama maji ya bomba na mkono wa kushoto ukageuka gogo. Hospitalini walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wakazibua palipoziba, wakaacha ndani kibomba cha waya cha kupashikilia. Tangu hapo alikuwa ametii kila alichoambiwa. Sigara aliitupa, chumvi aliisahau, na kila asubuhi alitembea mpaka majirani wakamwuliza anamtafuta nani.

Dakika ya saba na robo daktari aliinama karibu zaidi na kioo. Dakika ya saba na nusu alibonyeza kitufe na mkanda ukaanza kupungua.

"Bado dakika moja na nusu," Kona alisema.

"Naona. Kaa hapa. Usiongee kwanza."

Muuguzi akampima presha mara tatu. Kisha daktari akamwekea karatasi mapajani. Juu ya ile karatasi kulikuwa na vilima vidogo vilivyofuatana, na baada ya kila kilima mstari ulipaswa kwenda sawa. Kuanzia dakika ya saba ulikuwa umezama, kama barabara iliyotitia.

"Hapa moyo unakosa damu ya kutosha ukiharakishwa," alisema. "Umesikia chochote?"

"Sikusikia kitu."

"Basi ndiyo shida."

"Shida ni kutosikia? Daktari, mimi najua maumivu. Yalishanikuta. Leo hayakuwepo. Kifua ni changu, karatasi ni yako, na unaamini karatasi."

Daktari akamkumbusha kwamba kipimo kingine alichofanyiwa kabla ya mkanda, cha kuangalia nguvu ya moyo kusukuma damu, kilikuwa kizuri: arobaini na nne kwa mia, na kinachotakiwa ni arobaini.

"Arobaini na nne kwa mia," Kona alisema. "Shuleni nilichapwa kwa hizo."

"Moyo mzima kabisa unapata kama sitini. Mia haipati mtu. Umefaulu hicho, umefeli hiki, na sheria inataka vyote viwili. Nakurudisha kwa daktari wa moyo. Huenda kuna mshipa mwingine umebana. Wakiuona watautengeneza, au wataongeza dawa, kisha unarudi kwangu, tunajaribu tena. Miezi mitatu."

"Andika nafaa kwa njia fupi. Ile ya hapa na sokoni. Nisipewe safari za mbali."

"Mtu anayevuka barabara sokoni amekukosea nini?"

Muuguzi akageuka upande kuficha kicheko. Kona mwenyewe akakaribia kucheka, na hilo likamuudhi zaidi.

Daktari akaandika pale pale, akamsomea kabla ya kutia saini. Barua haikutaja moyo, wala mshipa, wala dawa. Hayo, alisema, si ya kampuni, ni yake. Ilisema tu kwamba mfanyakazi huyu kwa sasa hafai kuendesha gari la abiria. Kwamba anafaa kufanya kazi nyingine isiyo ya kunyanyua mizigo wala ya zamu za usiku. Kwamba atapimwa upya baada ya miezi mitatu.

"Nikikunyima bila sababu, nimekudhulumu wewe," alisema. "Nikikupa bila sababu, nimewadhulumu watu arobaini na wanane waliokaa nyuma yako. Nimetafuta katikati. Hiyo sentensi ya pili ndiyo katikati. Ipeleke."

Kona alikunja barua. Hakumwambia daktari kwamba katikati, kule anakoipeleka, hakuna. Yeye ndiye aliyeiondoa.

*

Afisa utumishi alisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa. Alikuwa mtu wa tai fupi na kikohozi cha kufungulia mazungumzo.

"Pole sana, Bwana Kona."

"Nimeshapoa. Nipangie kazi."

"Ningekupangia leo. Chumba cha ratiba hakina mtu anayejua njia tangu yule mama alipostaafu. Mabasi matatu yanafika pamoja, halafu saa nzima hakuna hata moja. Ningekuweka pale kesho." Akakohoa, akavuta droo, akatoa mkataba wa hali bora kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi, kijitabu cha jalada la bluu lililochakaa pembeni. Hakuhitaji kutafuta ukurasa. "Ila kuna hiki."

Kona alikijua kwa moyo, kama mtu anavyojua wasifu wa marehemu wake. Kipengele cha kumi na nne: *Dereva hatahamishiwa kazi nyingine isiyo ya uendeshaji kwa sababu yoyote ile.*

Miaka kumi na tisa iliyopita palikuwa na dereva mmoja, mtu mrefu mkimya, macho yakaanza kumsumbua usiku. Kampuni haikumpeleka kwa daktari. Ilimpa ndoo. Akawa anaosha lile lile basi alilokuwa akiliendesha, kwa mshahara wa mwosha, na mkuu wa uwanja akamwita Fagio, na jina likashika. Baada yake wakafuata wengine: aliyebishana na mkaguzi, akapewa ndoo; aliyedai likizo, ndoo. Mwisho ndoo ikawa ndiyo hakimu wa uwanja mzima. Madereva waliegesha mabasi siku nne. Siku ya tano, mezani, wakubwa wakauliza wanataka nini hasa, na Kona, aliyekuwa na miaka thelathini na minne na sauti ya kupasua bati, akasema sentensi ile kwa mdomo, karani akaiandika kama ilivyo. Pale kwenye "kwa sababu yoyote ile" mwanasheria wa kampuni alipendekeza waache nafasi kwa wagonjwa. Kona alimwambia kwamba mkubwa akiachiwa nafasi huingiza mguu kwanza, kisha kitanda. Watu wakapiga meza.

Watu wa juu wana kumbukumbu nzuri kuliko wanavyojifanya. Kile kilichowauma siku ile walikikunja vizuri, wakakiweka, wakangoja.

"Saini ya chini ni yako," alisema afisa utumishi. Hakusema kwa kebehi; labda ingekuwa afadhali.

"Naiona."

"Siku za ugonjwa ni mia na themanini. Umetumia tisini na saba. Miezi mitatu ya daktari inavuka. Zikiisha, mkataba unakoma kwa sababu za kiafya. Si mimi, ni kitabu. Ama ulete barua inayosema unafaa kuendesha, ama..." Akakohoa.

"Kwa hiyo nikiwa mzima nusu, mnanitupa mzima."

"Kitabu mlikitunga nyinyi," alisema afisa, na kwa mara ya kwanza aliangalia dirishani.

*

Nyumbani mkewe alisikiliza habari yote akichambua mchele. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kupenda mikutano, kwa kuwa ndiye aliyekaa na watoto mikutano ikiendelea.

"Mwosha huoshwa," alisema.

"Sasa na wewe."

"Nimesema methali. Siku ile ulirudi hapa umebebwa mabegani. Nikakuuliza, na ukiugua wewe? Ukasema dereva haugui, anachoka. Unakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka kwa niaba yako."

Shemeji yake, kaka wa mke, fundi wa redio aliyejua mlango wa nyuma wa kila ofisi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akingoja zamu ya kusema. Alisema ipo zahanati moja nyuma ya stendi. Daktari wake hana maswali. Unaingia unakohoa, unatoka umefaa. Mhuri wa duara, tarehe ya leo.

"Shemeji, wewe unajisikiaje?" alimalizia. "Si ndiyo cha muhimu?"

"Vizuri."

"Basi. Barua itasema ukweli."

Kona aliichukua ile anwani. Hakuna haja ya kumpamba: aliichukua, akaiweka mfuko wa shati, na kesho yake asubuhi alipotoka kwenye matembezi yake miguu ilijua inakwenda wapi. Alifika stendi. Aliiona zahanati, mlango wa kijani, watu wawili kwenye benchi. Akasimama upande wa pili wa barabara, kwa sababu mabasi yalikuwa yanatoka na hakuna dereva anayepita mbele ya basi linalotoka.

La kwanza katika yale mabasi lilikuwa la kampuni yake. Kabla ya kuondoka dereva wake, kijana aliyemfundisha mwenyewe, alikaa akingoja upepo wa breki ujae. Kona alisikia king'ora kile chembamba, kinacholia mpaka mshale uvuke alama, halafu kinanyamaza. Kila dereva wa basi kubwa ameishi na sauti ile. Upepo ukipungua ukiwa mlimani, hicho ndicho kinachokuambia tafuta pa kujiegemeza kabla breki hazijakushika zenyewe au kukuacha. Kuna mwaka mmoja kampuni ilitaka watoke na basi ambalo king'ora kilikuwa kimekufa. Mshale unafanya kazi, walisema, breki zinafanya kazi, tatizo nini. Kona aliweka funguo mezani. Breki nzuri isiyo na king'ora, aliwaambia, ni jeneza linalosubiri mteremko.

Akakumbuka karatasi mapajani mwake, na daktari akisema: basi ndiyo shida.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa umepiga king'ora. Mkono, jasho, pumzi. Angekuwa kwenye usukani angepata japo muda wa kulivuta basi pembeni. Jana mstari ulikuwa umezama nusu dakika bila king'ora chochote, na yeye juu ya mkanda anajisifu kwamba pumzi ipo ya kukopesha. Shemeji alikuwa sahihi, barua ingesema ukweli wa kifua. Ila kifua ndicho kilichokuwa kimekufa king'ora.

Hakuvuka barabara. Aligeuka kuelekea uwanja wa kampuni, akamtafuta katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

*

Katibu wa tawi alikuwa dereva wa njia ya saba, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye madereva walimwita Dada Katibu hata wale wenye umri wa kumzaa. Aliitisha mkutano saa nane mchana, kwenye chumba cha kupumzikia, zamu mbili zinapopishana. Watu hamsini na wanane walibanana kati ya makabati ya chuma. Walimshangilia Kona alipoingia, na waliponyamaza akawaambia amekuja kuomba kipengele cha kumi na nne kifunguliwe.

Watu wakatazamana kama waliosikia vibaya.

"Mzee," alisema kijana mmoja wa nyuma, "kipengele hicho mlitufundisha kama sala. Siku ya kwanza kazini, kabla sijaoneshwa choo, nilioneshwa kumi na nne."

"Choo kilikuwa kibovu," alisema mwingine, na watu wakacheka ili wapumue.

"Najua nilichokifundisha," Kona alisema. "Nilifunga mlango ili wasitusukume nje. Sikufikiri kwamba kuna siku mtu atakuwa ameshika kitasa kwa mkono wake mwenyewe, anaomba atoke kidogo, arudi."

"Wakishafungua watatupeleka wote kwenye ndoo," alisema dereva mzee, mmoja wa wale wa siku nne. "Umemsahau Fagio?"

"Nilimzika. Wewe hukuja."

Yule mzee akainamisha kichwa. Dada Katibu akagonga kabati kwa funguo, taratibu, akasema waongee hoja, waachane na makaburi.

Kona akatoa karatasi aliyoiandika. Dereva ahamishwe tu kama ameomba mwenyewe kwa maandishi, na barua ya daktari ikiwepo. Daraja lake la mshahara lisishuke. Na daktari akisema anafaa, arudi kwenye usukani bila kuombwa chai na mtu.

"Na wakimlazimisha aombe?" aliuliza kijana wa nyuma. "Mkuu wa uwanja anakuita ofisini, anafunga mlango, anakupa kalamu. Ukitoka umeomba."

Lilikuwa swali zuri, la aina ambayo Kona mwenyewe angeuliza akiwa na miaka thelathini na minne, na akajisikia kulichukia. Ndipo Dada Katibu akaongeza la nne: ombi litiwe saini mbele ya katibu wa tawi, si ofisini.

Walipiga kura kwa mikono. Thelathini na mmoja waliafiki, ishirini na saba walikataa. Yule mzee wa siku nne alikataa, na baada ya kura akaja kumpa mkono Kona, akasema hajabadilisha mawazo.

*

Jibu la kampuni lilichukua siku kumi na mbili. Siku ya mia na kumi afisa utumishi aliwaita wote wawili, Kona na katibu, akawawekea nyongeza ya mkataba iliyopigwa chapa vizuri, yenye nafasi za saini.

Dada Katibu alisoma kwa kidole. Kidole kilisimama mstari wa tatu.

"Hapa tuliandika 'kwa ombi la dereva'. Nyinyi mmeandika 'kwa ombi la dereva au ushauri wa mwajiri'."

"Ni lugha tu," alisema afisa.

"Kama ni lugha tu, itoe."

Afisa akakohoa, akamgeukia Kona. "Bwana Kona, wewe kesho asubuhi unaweza kuwa chumba cha ratiba. Mshahara wako, kiti chako. Hili neno halikuhusu wewe, wewe umeomba mwenyewe. Linahusu wengine, huko mbele, labda kamwe. Tukirudi kwa meneja na mabishano, sijui atachukua wiki ngapi. Siku zako zinakwenda."

Dada Katibu akaweka karatasi mezani, akaisukuma kidogo upande wa Kona.

"Anayeumia ni wewe," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi sitakulaumu. Sema."

Kona aliangalia yale maneno manne. Hakuna kilichompanda kifuani. Alijichunguza, akakumbuka kwamba kujichunguza hakumsaidii tena. Zilikuwa zimebaki siku sabini. Alifikiria mchele, ada ya mwaka wa mwisho ya mtoto wa mwisho, mkewe akikumbuka kwa niaba yake. Kisha akaomba kalamu, na afisa akampa haraka kama mtu anayempa mtoto kijiko. Kona akayakata yale maneno manne kwa mstari mmoja ulionyooka, akarudisha kalamu.

"Mpelekee hivyo. Nitangoja hapo nje."

"Meneja yuko kikaoni."

"Mimi niko likizo ya ugonjwa. Tutaona nani ana nafasi."

Walikaa kwenye benchi la korido tangu saa tatu. Kutoka dirishani waliona njia ya saba ikifika mara tatu kwa mpigo, mabasi yamefuatana kama bata, na abiria wakiwatukana madereva ambao hawakupanga ratiba ile. Simu ya afisa utumishi iliita mara nyingi. Saa sita kasoro afisa akatoka. Maneno manne yalikuwa yamekatwa na mhuri umepigwa juu ya mkato, lakini chini palikuwa na mstari mpya wa mkono wa meneja: uhamisho usizidi miezi sita, asiporejea kwenye usukani ndani ya muda huo, ajira inakoma.

"Hapo ndipo mwisho wake," alisema afisa. "Kwa kweli."

Dada Katibu alitaka kubisha. Kona alimgusa mkono. Miezi sita ilitosha kwenda kwa daktari wa moyo, kutengenezwa kama kuna cha kutengeneza, na kupanda ule mkanda mara moja, labda mara mbili. Haikuwa haki, ilikuwa muda. Maishani mwake alikuwa amewahi kupewa pungufu ya hapo na akautumia.

"Nyie sainini," alisema. "Mengine tutayadai nikiwa mzima."

Walipokwisha, Dada Katibu akampeleka chumba cha kupumzikia, akamfutia meza, akamwekea karatasi tupu. Ombi lilitakiwa liwe la mkono wake. Waliobaki chumbani walijifanya wanacheza karata.

Aliandika tarehe. Aliandika jina lake kamili, ambalo hakuna mtu uwanjani aliyelijua. Kisha mkono ukasimama, na ukakaa umesimama kwa muda mrefu kiasi kwamba yule mzee wa siku nne aliweka karata zake chini na kumwangalia.

"Unaanzaje?" Kona alimwuliza katibu. "Sijawahi kuwaomba kitu hawa. Nimewadai tu."

"Anza na 'naomba'."

Akaandika: *Naomba niondolewe kwenye usukani.* Akalisoma. Akaongeza *kwa muda*, akatia saini, na Dada Katibu akatia ya kwake pembeni.